Mteja Ambaye Hakulalamika

Ujumbe wa Mboni ulikuwa na salamu nne kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Aliwasalimu walio dukani, akauliza hali zao na hali ya kazi, akawatakia Ijumaa njema ingawa siku hiyo ilikuwa bado Alhamisi, kisha akaomba radhi kwa kuwasumbua mara ya tatu katika wiki moja. Baada ya hayo ndipo aliposema kwamba ameendelea kumpa mwanawe uji kama alivyoagizwa, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na kwamba tangu jana alasiri mtoto anatapika na kuharisha. Hakuwa na la zaidi. Alitaka kuuliza tu kama ingefaa auongeze maji uji huo ili uwe mwepesi.

Kidole gumba cha Shadya kilikuwa kimekwisha kugusa alama ya mkwaju, ule mstari wa mshazari kwenye kibodi ya simu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyejibu ujumbe wa wateja wa Nilofer Lishe, kampuni ndogo ya unga wa uji wa watoto iliyokuwa na duka mbele na mashine ya kusagia nyuma, katika kata ya Usagara, Tanga mjini. Meza yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka. Katika simu ya kazi mlikuwa na majibu thelathini na mawili yaliyohifadhiwa, kila moja likiwa na neno lake la mkato. Ukiandika mkwaju na neno “bei”, orodha ya bei inajitokeza, unagusa, unatuma. Mkwaju na “pika” unaleta maelekezo ya kupika. Sehemu kubwa ya majibu hayo aliyaandika mwenyewe mwezi wa Machi, kwa sentensi kamili zisizo na vifupisho vya ovyo, naye alijivunia kwamba mteja wa Nilofer Lishe hakungoja jibu zaidi ya dakika mbili.

Chini ya ujumbe wa Mboni palikuwa na picha. Shadya aliigusa ikajaa kioo.

Ilikuwa picha ya sehemu ya chini ya pakiti, iliyopigwa karibu mno, kwenye mwanga mzuri wa mlangoni. Unga ulikuwa umeshikana madonge, na madonge yameshikwa na utando kama ule unaobaki kwenye pembe za dari isiyofagiliwa. Pembeni mwa utando palikuwa na kijani, si kijani cha mboga, bali kile cha mkate uliosahauliwa ndani ya mfuko. Katikati ya donge kubwa alilala funza mweupe mwenye kichwa cha rangi ya chai. Alikuwa mnene, na alionekana hana haraka.

Shadya alimeza mate na mate yakawa na ladha. Aliiweka simu mezani, kioo kikitazama chini, kisha akaichukua tena kwa sababu kuiweka chini hakukuwa kumemwondoa funza. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakulifanya Jumapili wala Jumanne. Aliyapandisha mazungumzo hadi mwanzo akayasoma yote.

Jumapili, baada ya salamu, Mboni alikuwa ameandika kwamba unga wa safari hii una harufu kidogo, kama ya mafuta yaliyochacha, ila labda ni pua yake. Jibu lilitoka ndani ya dakika moja: “Mpendwa mteja, unga wetu umetengenezwa kwa karanga halisi zenye mafuta yake ya asili, hivyo harufu hiyo ni ya kawaida. Endelea kutumia bila wasiwasi.” Jumanne aliandika kwamba mtoto wake Luqmani, mwenye miezi kumi na mmoja, anaukataa uji, na akimlazimisha anacheua. Jibu likatoka: “Mpendwa mteja, watoto wengi huhitaji siku tatu hadi tano kuzoea ladha mpya. Mpe kidogo kidogo, asubuhi na jioni, wala usikate tamaa.”

Kila neno lilikuwa lake. Koma zilikuwa mahali pake. Alizikumbuka jitihada alizozifanya kuchagua “usikate tamaa”, akaona maneno hayo yananata mdomoni kama uji uliopoa. Mwanamke alikuwa ameuliza mara mbili kwa adabu, na mara mbili alikuwa ameambiwa, kwa adabu zaidi, aendelee kumlisha mwanawe uozo. Naye ametii.

Ukutani, mbele ya meza, palibandikwa kanuni za kumkabidhi mteja. Aliziandika Raheel, meneja, mtoto wa kaka yake mwenye kampuni, na zilikuwa kanuni zinazoeleweka. Mteja akabidhiwe kwa meneja akitukana. Akitishia kuweka jambo mtandaoni. Akitaja mamlaka za serikali, polisi au mwanasheria. Akidai kurudishiwa fedha. Wengine wote wamalizwe kwa majibu yaliyohifadhiwa, kisha wawekewe lebo ya kijani, “Imejibiwa”. Mteja akishakabidhiwa anawekewa lebo nyekundu, na kuanzia hapo mhudumu asimwandikie tena hata neno moja, ili mteja asije akasikia sauti mbili kutoka duka moja. Kwa jambo la afya, mhudumu asitumie maneno yake mwenyewe kabisa.

Wiki iliyopita tu kanuni hizo zilikuwa zimefanya kazi barabara. Mteja mmoja wa Dar es Salaam, bwana Tahiri, alipokea kifurushi ambacho pembe ya boksi ilikuwa imebonyea. Pakiti zilikuwa nzima. Alimwita Shadya ng'ombe na kuwaita wote wezi wa Tanga. Dakika nne baadaye Raheel alikuwa akizungumza naye kwa simu, akicheka naye, na jioni pakiti mbili za bure zilipelekwa stendi.

Mboni hakumwita mtu ng'ombe. Alipitishwa kijani mara mbili.

Shadya aliweka lebo nyekundu. Kanuni haikumruhusu, lakini hakukuwa na nyingine iliyomfaa mtoto anayetapika. Kisha akampigia Raheel, aliyekuwa chini kwenye ofisi yake, akamweleza kwa ufupi kwamba kuna mtoto mgonjwa, kuna picha, na ni lazima mama yake aambiwe mara moja aache kutumia unga ule. Raheel alisema ameelewa, anashughulikia.

Akangoja. Simu ya Raheel ilikuwa imeunganishwa kwenye akaunti ile ile, kwa hiyo kila alichokifanya chini kilionekana juu. Shadya aliona dirisha la Mboni linatulia kwa dakika mbili, tatu. Kisha jibu likatokea, kwa jina la duka, kana kwamba ni yeye Shadya aliyeliandika. Na kweli ni yeye aliyeliandika, mwezi wa Machi.

“Mpendwa mteja, pole sana kwa changamoto uliyoipata. Bidhaa zetu hutengenezwa katika mazingira safi na salama. Iwapo mtoto ana dalili zozote za kiafya, tafadhali wasiliana na mtoa huduma za afya aliye karibu nawe. Asante kwa kuichagua Nilofer Lishe.”

Lebo nyekundu ikatoweka. Ya kijani ikakaa mahali pake.

Mboni alijibu papo hapo, maana alikuwa ameishika simu mkononi akingoja. Aliwashukuru. Aliwaombea baraka. Alisema amefarijika kusikia kwamba unga hauna tatizo, na basi atamkorogea mwingine sasa hivi, mwepesi, aone kama utakaa tumboni.

Shadya alisimama. Kanuni ilikuwa wazi: mteja huyu hakuwa wake tena. Alikuwa amemkabidhi, na aliyekabidhiwa alikuwa amemmaliza. Kwa mpangilio ule hapakuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia Mboni asiwashe jiko.

Akampigia. Hakutumia simu ya kazi, alitumia yake.

Iliita mara tano. Sauti iliyopokea ilikuwa ndogo, ya mtu aliyembeba mtoto begani, na ilianza na salamu. Shadya hakuitikia ilivyopasa, na kwa mtu wa Tanga hilo peke yake lilikuwa kama kumsukuma mtu kifuani.

“Dada, mimi ni Shadya wa Nilofer Lishe. Huo uji umeshampa?”

“Bado. Nimeteleka maji tu. Kuna nini tena, dada yangu?”

“Zima jiko. Usimpe tena unga huo, hata kijiko. Usiutupe pia, ufunge kwenye mfuko. Mtoto ananyonya?”

Ananyonya, alisema Mboni, ingawa tangu asubuhi ananyonya kidogo na kulala. Shadya alimuuliza kama anakojoa, na kama akilia anatoa machozi. Mboni ilimbidi akumbuke kwanza, na kukumbuka kule kulikuwa jibu. Shadya akamwambia ampeleke zahanati sasa hivi, asingoje mtu, aende na pakiti, amwonyeshe mganga namba ya toleo iliyopigwa muhuri pembeni. Amnyonyeshe njiani.

“Lakini mmeniandikia sasa hivi kwamba unga ni salama.”

“Jibu hilo halikuwa la kwako, dada. Tuliliandika miezi mingi iliyopita, kwa ajili ya yeyote. Linatumwa kwa kugusa tu.”

Begani mwa Mboni mtoto aliguna, mguno mkavu.

“Na lile la Jumanne? La kidogo kidogo?”

“Nalo pia.”

“Mimi nilijua kuna mtu ananisoma,” alisema Mboni, akakata simu. Shadya alitumaini kwamba amekata ili ashike khanga na kwenda.

Raheel alipanda ngazi kabla Shadya hajaketi. Alikuwa kijana nadhifu wa miaka thelathini na kidogo, mwenye shahada ya biashara, na hakuwa mkatili. Hilo ndilo Shadya alilolichukia zaidi baadaye, kwamba hakuna aliyekuwa mkatili. Alikuwa amemsikia Shadya akizungumza kwa sauti kupitia sakafu ya mbao. Alitaka kujua ni kwa kanuni ipi amempigia mteja aliyekwisha kumkabidhi, tena kwa simu yake binafsi, tena kwa jambo la afya.

“Umekuwa daktari leo, bibi wee?”

“Umeitazama picha?”

Alisema ameitazama. Wadudu huingia kwenye unga wowote nyumbani kwa mtu, ukiacha pakiti wazi. Nani ajuaye jiko la mwanamke huyo likoje.

“Jumapili alisema unanuka. Pakiti aliifungua siku hiyo hiyo.”

“Sasa mbona hajalalamika?” Raheel aliuliza, na Shadya aliona kwamba anauliza kwa dhati. “Soma mwenyewe. Kuna mahali amesema anataka fedha zake? Amesema atatushtaki? Mtu anauliza kama aongeze maji. Anayeuliza anajibiwa. Tukianza kumwekea nyekundu kila anayeuliza, mimi nitalala hapa.”

Alichukua simu ya kazi, akapandisha mazungumzo kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Lile la Jumapili, alisema, limekwisha kupitwa na muda, halifutiki kwake. Lakini lile la Jumanne alasiri lilikuwa halijatimiza hata siku mbili. Bado lilifutika kwa wote, kwake na kwetu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetafuta unafuu kwa ajili ya wote wawili. Kwani si wewe uliyelituma, aliongeza.

Shadya alikitazama kidole kile, kucha yake safi, kikiwa kimesimama juu ya maneno yake. Alikumbuka yule funza.

“Futa,” alimwambia. “Utabaki mstari unaosema ujumbe umefutwa. Yeye ameshausoma, ameshautii, na mtoto ameshautapika. Futa, kisha uende ukamfutie na tumbo.”

Raheel hakufuta. Aliiweka simu mezani akasema shauri hilo litamngoja shangazi yake.

Bi Khurshid, mwenye kampuni, alikuwa na desturi ya kufika saa nne, baada ya kumaliza ya nyumbani kwake. Ilibaki karibu saa nzima kabla hajafika. Shadya alirudi kwenye simu ya kazi, akafungua wote waliokuwa chini ya lebo ya kijani kwa wiki mbili zilizopita, akaanza kutafuta kwa maneno. Hakutafuta “nalalamika”, kwa maana alikwisha kujua kwamba halitakuwapo. Alitafuta “harufu”. Alitafuta “uchungu”. Alitafuta “anakataa”, “rangi”, “samahani”, “jambo dogo”, “labda ni mimi”.

Walikuwa kumi na mmoja pamoja na Mboni. Wawili walikuwa wa Mabawa, mmoja wa Muheza, mmoja wa Pangani, waliosalia wa mitaa mingine ya mjini. Bibi mmoja aliyeitwa Zuwena aliandika kwamba mjukuu wake anageuza uso akiona kikombe, ila watoto wa siku hizi wana madeko. Mwingine alisema uji unakwaruza koo, akajicheka mwenyewe kwa alama ya kicheko, akaomba asamehewe. Mwingine aliandika kwamba amechekecha akapata vitu vyeupe, akauliza kama ni lishe iliyoongezwa. Kwa huyo jibu lilikuwa lile la viambato, mistari saba, likianza na “Asante kwa swali zuri”.

Hakuna hata mmoja aliyetukana. Wote walikuwa wamelelewa kwamba lawama huanza na sifa, na kwamba mtu mwenye adabu hamtolei mwenzake kasoro bila kwanza kujitia kasoro yeye. Shadya mwenyewe alilelewa hivyo, na mama yake angeandika hivyo hivyo. Angeweza kuzijua barua hizo gizani. Badala yake alikuwa amezipima kwa kipimo cha kelele, akazikuta hazina uzito, akazipaka kijani moja baada ya nyingine, kwa kidole hiki hiki. Alikifuta kwenye sketi yake. Alijua kwamba hakina kitu.

Bi Khurshid alipofika, Shadya alimwamkia shikamoo akampa simu pamoja na karatasi aliyoandika majina kumi na moja, tarehe, maneno ya mteja na jibu alilopewa. Raheel alikuwa tayari amesimama mlangoni na maelezo yake. Mama huyo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alisoma ukurasa wote bila kuwasikiliza. Unga ule ulibeba jina la mama yake mzazi, Nilofer. Alisoma mara ya pili, kisha akaomba aletewe sinia na pakiti ya toleo lile kutoka rafu ya dukani, iliyofungwa.

Alikata pembe, akamimina. Kwa nje unga ulikuwa mzuri. Alipoipiga pakiti kiganjani, madonge yakaanguka, na harufu ikafika kabla ya jicho: harufu ya mafuta ya juzi, na chini yake nyingine, ya nguo zilizokaa mbichi. Kitu kilijikunja kwenye sinia, kikaanza safari yake kuelekea ukingoni. Bi Khurshid alimtazama mdudu huyo kwa muda mrefu.

“Karanga hizi zilitoka wapi?”

Raheel alieleza kwamba ni zile za mzigo ulionyeshewa njiani. Zilikaushwa. Zilikaangwa. Walikuwa na oda nyingi na hapakuwa na wakati wa kuchambua punje kwa punje.

“Kuvu ya karanga ina sumu,” alisema Bi Khurshid, “na sumu hiyo haiondoki ukikaanga wala ukichemsha mpaka kesho. Hilo nimekufundisha ungali unavaa kaptula.” Hakuinua sauti. Alimgeukia Shadya. “Na wewe umewaambia watu kumi na mmoja waendelee.”

“Ndiyo, Bi Khurshid.”

“Mungu atuwie radhi.” Alilisukuma sinia mbali naye kwa ncha ya kalamu.

Raheel alijaribu kusaidia. Aliandika tangazo papo hapo kwenye simu yake akalisoma: kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wao, toleo fulani linarejeshwa kwa ajili ya maboresho. Litumwe kwa wateja wote kwa pamoja, limalize jambo. Shangazi yake alimwambia alifute, na safari hii alifuta. Shadya aliongeza kwamba hata likiandikwa vizuri halitoshi, kwa kuwa tangazo la pamoja humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake, na wengi hawakuwa wameihifadhi. Wale kumi walipigiwa mmoja mmoja. Kazi hiyo iligawanywa mezani: watano wa Shadya, watano wa Raheel, na Bi Khurshid akiwa ameketi katikati yao akisikiliza kila neno. Waliomaliza pakiti na wale wenye watoto wanaotapika waliambiwa waende zahanati. Wanunuzi wengine wa toleo lile walitafutwa kupitia risiti, na pakiti zilizokuwa rafuni zilikwisha kuondolewa kabla ya adhuhuri. Baadaye, bila kuulizwa na mtu, Bi Khurshid mwenyewe alizipigia mamlaka zilizokuwa zimetajwa ukutani kama tusi.

Mteja wa nane katika orodha, aliyekuwa fungu la Raheel, alisema mwanawe hajambo, unga alikwisha kuwapa kuku, na kuku wameukataa. Raheel alicheka kwa mazoea. Hakuna aliyecheka naye.

Kabla ya kufunga, kanuni za ukutani zilibanduliwa. Mpya aliziandika Shadya, na Bi Khurshid alizipunguza mpaka zikabaki fupi. Ujumbe ukitaja mtoto asiye sawa, ugonjwa, harufu, ladha, rangi au mdudu, hata kwa neno moja, hata kwa kicheko, haujibiwi kwa jibu lililohifadhiwa. Mteja anaambiwa kwanza asimamishe matumizi, anaulizwa namba ya toleo, kisha anakabidhiwa. Kumkabidhi hakukamiliki kwa lebo. Kunakamilika pale anayepokea anaposema kwa mdomo wake “nimepokea” na kumpigia mteja mwenyewe. Mpaka hapo mteja ni wa yule wa kwanza. Na aliyepokea hawezi kumfunga mteja peke yake. Anayeweka kijani ni yule aliyemkabidhi, baada ya kusoma mazungumzo tangu mwanzo. Raheel alisema mpangilio huo utawachelewesha. Bi Khurshid alimjibu kwamba ndiyo, utawachelewesha.

Shadya aliyafuta majibu manne kati ya yale thelathini na mawili. Alitegemea kufarijika. Ilikuwa kama kunawa baada ya kushika samaki aliyeoza: maji yanapita, sabuni inapita, unanusa vidole, harufu ipo.

Siku iliyofuata, baada ya swala, alipanda pikipiki kwenda Pongwe kuchukua pakiti ya Mboni, kwa kuwa ilihitajika ikapimwe. Bi Khurshid alimpa matunda ya kupeleka. Mtoto alikuwa amerudi nyumbani. Zahanati walimtundikia dripu mchana kutwa, wakampa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki vya siku kumi, wakasema angechelewa hadi usiku ule hali ingekuwa nyingine. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mashavu yameingia, plasta mgongoni mwa mkono.

Mboni alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kuliko Shadya alivyomdhania. Alimkaribisha. Alimpa kiti, akaleta chai ya mkandaa isiyo na maziwa kwenye kikombe cha wageni, akaomba radhi kwamba haina kitafunwa. Alishukuru kwa matunda. Alimtolea pakiti, imefungwa ndani ya mifuko miwili, akasema samahani imechafuka kidogo. Shadya alikunywa chai, na kila shukrani ya mwanamke yule ilimwingia kama kitu kisichopaswa kumezwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njia nzima alikuwa ameyatamani.

Alisema maneno yake ya kuomba msamaha. Hakuyaandika kabla, kwa hiyo yalitoka vibaya, yakirudia rudia. Mboni aliyasikiliza mpaka mwisho, akimpepea mtoto kwa ncha ya khanga. Kisha akauliza jambo moja, kwa sauti ile ile ya kuomba radhi.

“Dada Shadya, nieleze ukweli. Siku ile ya Jumapili, kama ningekutukana, ningekuambia maneno machafu, ungenisikia siku ile ile?”

Shadya alitafuta njia ya kulipunguza jibu hilo makali. Hakuiona.

“Ungesikilizwa ndani ya dakika nne.”

Mboni alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Alimtazama mwanawe, akamfuta mate yaliyotoka kwenye pembe ya mdomo, akakitazama kitambaa, akakikunja.

“Sisi hatukulelewa hivyo,” alisema.

Hakummiminia mgeni kikombe cha pili. Shadya alichukua ile mifuko miwili, akaaga. Mboni aliitikia akiwa amekaa pale pale mkekani, wala hakunyanyuka kumsindikiza mgeni wake hata hadi mlangoni.